Rafiki yangu amenizoea: napanga mimi, nalipa mimi. Nimwambieje?

KliaMizigo
Habari za jioni wadau. Niko Kampala, naishi Najjera, kazi yangu ni kuklia mizigo inayoshuka Mombasa, kwa hiyo Kiswahili ndicho ninachoshinda nacho kutwa. Naomba mawazo yenu, na mnisamehe nikirefusha.

Nina rafiki, tumwite Sofi. Tumejuana tangu hosteli za Kikoni, mwaka wa tisa huu. Tukitoka, mimi ndiye niliyepiga simu, mimi ndiye niliyeuliza mahali kama pana nafasi, mimi ndiye niliyemkumbusha asubuhi, na bili ni yangu. Mwanzoni sikuona kitu, nilipata kazi kabla yake. Lakini sasa naye ana kazi mwaka wa tatu, yuko duka la dawa, na hakuna kilichobadilika.

Jumamosi iliyopita tulikwenda Ggaba kula samaki. Alichelewa saa nzima, nimekaa pale nalinda kiti chake kama askari. Tukala vizuri, tukacheka, siwezi kudanganya. Kisha akamwita mhudumu akaagiza kuku na chipsi za kufungiwa, za dada yake aliye nyumbani. Hakuniuliza. Bili ilipokuja, yule kijana hakusita hata kidogo kuangalia ni nani: alipita nyuma ya kiti cha Sofi, akaja upande wangu, akasema "nyabo" akaiweka mbele yangu. 148,000. Samaki wawili 90,000, chipsi 14,000, vinywaji 14,000, kuku wa dada 30,000. Sofi alikuwa ameshainuka kwenda kunawa mikono, mara ya pili. Tulipofika barabarani akaniomba 8,000 ya boda.

Nililipa. Usiku sikulala. Si kwamba pesa iliniua, ni yule mhudumu. Hata mtu asiyetujua alishajua.

Mwisho wa mwezi tuna safari ya Jinja, na chumba nimeshakiwekea 100,000. Nataka kumwambia kabla ya hapo, ila naogopa kuonekana bahili, na naogopa kumpoteza. Nimwambieje?

Mtoto_wa_Koboko
Usimwambie chochote. Acha kumpigia mwezi mzima. Asipokutafuta, umepata jibu lako. Akikutafuta, mwambie huna pesa. Mambo mengine hayahitaji mdomo.

RoliMalaba
Dada, mwanaume wa namna hiyo mwache mapema. Mwanaume anayekwenda kunawa mikono mara mbili bili ikija, hata mahari ataomba ulipe wewe.

KliaMizigo
@RoliMalaba Sofi ni mwanamke kaka 😅 Ni rafiki tu.

RoliMalaba
Aah, samahani. Niko foleni ya mizani hapa, nasoma mstari nasogea, nasoma mstari nasogea. Basi wa kike mwambie tu.

MamaSalha_Bombo
Mwanangu, kabla hatujakupa maneno ya kusema, nina maswali matatu. La kwanza: unapompigia, unasema nini hasa? Niandikie kama unavyosema. La pili: nje ya kutoka, yeye hukupa nini? Sisemi pesa. La tatu: katika miaka hiyo tisa aliwahi kutoa pesa yake ukaikataa?

KliaMizigo
Shikamoo mama. Huwa nasema, "Sofi, Jumamosi jiandae, nakutoa." Au, "Njoo Ggaba, nina hamu ya samaki."

La pili: nilipofanyiwa upasuaji mwaka juzi alilala nami wodini siku nne, kwenye mkeka. Na nywele zangu husuka yeye, hajawahi kunidai. Hayo siyasahau, ndiyo maana nauliza huku badala ya kumtukana.

MamaSalha_Bombo
Marahaba. La tatu umeliruka, nitalirudia. Tuanze na la kwanza.

"Nakutoa" maana yake nini? Kwa watu wote ninaowajua, kuanzia hapa Bombo mpaka Mombasa, anayesema "nakutoa" ndiye mwenye mkoba. Ukimwita mtu, wewe ni mwenyeji na yeye ni mgeni, hata kama mnakutana hotelini. Mgeni hagusi bili ya mwenyeji, akiigusa ni kama kumwambia hana uwezo. Kwa hiyo inawezekana Sofi hajakudharau. Inawezekana kwa miaka tisa amekuwa mgeni wako kila Jumamosi, kwa sababu kila Jumamosi ulimwita mgeni.

Kuku wa dada yake ni jambo lingine. Hilo silitetei. Mgeni hafungi chakula cha watu wa nyumbani kwa pesa ya mwenyeji bila kuuliza.

Mtoto_wa_Koboko
Mama, kwa heshima, huo ni utetezi. Ugeni ni siku mbili, ya tatu tunatoa jembe. Huyu kafika mwaka wa tisa hata mpini hajaushika. Nyamaza dada, kata simu, utaona.

Fundi_Goma
Mimi nataka kusema kitu kwa sababu mimi ndiye Sofi. Si huyo wa kwenu, ila niko upande wake. Nashona nguo Kisenyi, nilifika Kampala sina kitu. Nina rafiki mmoja alinibeba sana, mpira, chakula, kila kitu. Baada ya muda nikaanza kupata. Lakini sasa kazi ilikuwa kujua nianzie wapi kulipa. Anachagua mahali sahani moja ni pesa ya mashati mawili ya kushona. Nikisema nilipe yote, siwezi. Nikisema nilipe nusu, naona aibu, maana hajaniomba nusu. Basi naangalia simu mpaka alipe. Mnafikiri hatuoni? Tunaona. Ile dakika ya bili ni ndefu kwetu kuliko kwenu.

Mimi aliniambia. Alisema, "Mwezi ujao wewe ndiye unanialika, mahali pako, bei yako." Nikampeleka Kisenyi hapa hapa tukala wali na maharage na nyama, 14,000 wawili. Nilitembea kama waziri siku hiyo.

KliaMizigo
@Fundi_Goma Umenigusa. Sikuwahi kufikiria kama mahali napochagua ni tatizo.

Mtoto_wa_Koboko
Sofi ana mshahara, fundi. Usimfananishe na wewe.

Fundi_Goma
Unajua mshahara wa duka la dawa? Na unajua ni wangapi wanakula kwenye mshahara huo?

MamaSalha_Bombo
Ndugu wa Koboko, ushauri wako una nusu yake. Kumpumzisha mtu mwezi mmoja kunaonyesha nani hupanga, hilo kweli. Lakini hakuonyeshi kwa nini. Ukinyamaza ghafla, yeye hatasema "aha, sasa nimeelewa bili." Atasema umekasirika, au umeumwa, au umepata marafiki wapya, au umefukuzwa kazi unaona aibu. Kisha naye atanyamaza kwa heshima. Nimeona dada wawili wa tumbo moja wakinyamaziana hivyo tangu Idi moja hadi nyingine, na ukiwauliza kila mmoja anasema, "Nilikuwa nangoja aanze yeye." Na hilo la kusema huna pesa wakati unazo, ni uongo utakaojulikana mkienda Jinja.

Sasa KliaMizigo, jibu hili kwanza. Umebeba mizigo miwili hapo, wa mfukoni na wa kichwani. Ungepunguziwa mmoja tu, ungetua upi?

KliaMizigo
Nimekaa na swali lako tangu mchana, mama. Ningetua wa kichwani. Angepiga simu hata mara moja kwa mwaka akasema, "Jumapili njoo kwangu, nimepika maharage," nadhani Ggaba ningelipa bila kuhesabu. Kuku wa dada ndiye angebaki.

Hesabu_Mbarara
Mimi ni mtu wa vitabu, niruhusuni niseme kuhusu Jinja, maana hapo pana pesa inayosubiri. Usingoje mfike. Mwandikie leo: chumba ni kiasi hiki, nusu yako ni kiasi hiki, tuma kabla ya tarehe fulani, na utume na ya kutolea. Hilo la kutolea watu huliona dogo. Mtu anakutumia nusu yake kamili kwenye simu, wewe unakwenda kwa wakala kuitoa, unakatwa ada na juu yake kodi ya serikali ya asilimia 0.5. Mkiwa kundi la watu kumi, mpangaji ndiye anayemeza makato ya wote, na hakuna anayemshukuru. Mimi nilipanga safari ya ofisi, nikaja kugundua nimelipa zaidi ya kila mtu bila mtu yeyote kukosea.

RoliMalaba
Nimeshapita mizani. Sisi madereva tulikuwa na mmoja kama huyo, kila tukifika Malaba anakula kwetu. Tulianza kuweka kofia mezani kabla ya kuagiza, kila mtu 10,000. Asiyeweka anaagiza chai. Wiki ya pili alikuwa wa kwanza kuweka. Hakuna aliyemsema.

MamaSalha_Bombo
Kofia ni dawa nzuri kwa watu wanne. Wawili mkiweka kofia mezani, ni vita.

Mwanangu, sasa maneno. Usiseme bili ikiwa mezani, maana hapo kila mtu anajitetea na mhudumu amesimama. Usiandike kwenye simu, atamwonyesha dada yake na mtajibiwa na watu wawili. Usimwite kikao. Sema mkiwa mnafanya kitu kwa mikono, mkichambua mchele, au siku anakusuka, hamtazamani usoni. Na iwe kabla ya Jinja kwa siku kadhaa, apate nafasi ya kukasirika na kutulia.

Taja siku moja tu. Usiseme "kila siku" wala "hujawahi", kwa sababu atatafuta ile mara moja aliyolipa soda mwaka fulani, na mazungumzo yatakuwa ya soda. Sema, "Sofi, Jumamosi ile ya Ggaba, nilipanga mimi, nikakungoja saa nzima, nikalipa, na kuku wa dada uliagiza bila kuniuliza. Nilirudi nyumbani najiona kama nimetumwa." Halafu sema unachotaka, kitu kimoja anachokiweza: "Nataka safari hii unialike wewe. Popote, hata kwako."

Halafu funga mdomo. Hapa ndipo wengi huharibu. Tunasema neno zito, tunaona uso wa mwenzetu, tunaogopa, tunacheka, tunaongeza, "lakini usijali, si kitu." Basi anachukua lile la mwisho anaondoka nalo.

Na madeni ya nyuma yaache. Ulilipa mwenyewe kwa hiari, hakuna mkopo hapo.

Hesabu_Mbarara
Mama, hapo kwenye madeni sikubaliani. Kuku ni 30,000 na hakuwa kwenye mwaliko. Ningedai.

MamaSalha_Bombo
Wewe dai, baba. Ukipata utuambie na ulichopoteza.

KliaMizigo, lile la tatu bado nalisubiri.

KliaMizigo
Sikuliruka kwa bahati mbaya, mama. Ndiyo, niliwahi kukataa. Alipopata mshahara wake wa kwanza tulikuwa Wandegeya, tukala kuku. Akatoa 20,000 mkononi, noti ilikuwa imekunjwa mara nne, nadhani aliishika tangu tulipokaa. Nikamrudishia. Nikamwambia, "Acha bwana, hiyo nunua sabuni." Niliona ni mapenzi.

Fundi_Goma
Ooh.

MamaSalha_Bombo
Ahsante kwa kusema kweli. Anza na hilo basi. Kabla ya Ggaba, anza na Wandegeya.

---

KliaMizigo (siku tisa baadaye)
Nimerudi. Nimemwambia, jana jioni, kwangu, akinisuka. Nilikuwa nimekaa chini, yeye yuko kitandani nyuma yangu, kichwa changu kiko mikononi mwake, kwa hiyo sikuona uso wake.

Nilianza na ile noti. Nikasema nilikosea kumrudishia. Mikono ikasimama. Akasema anakumbuka, na kwamba alifika nyumbani akalia, kwa sababu alikuwa amepanga wiki nzima jinsi atakavyoitoa. Akasema, "Nikajua kumbe pesa yangu kwako ni ya sabuni."

Basi nikasema la Ggaba kama mama alivyofundisha, siku moja tu. Na nilitaka kuongeza "usijali". Lilikuwa mdomoni kabisa. Nikashika kitana nikakibana.

Alinyamaza muda mrefu, akasuka kama mistari miwili, tena akavuta kwa nguvu, bado nasikia. Kisha akasema mambo ambayo sikuyategemea. Kwanza, kwamba hajawahi kunialika kwake kwa sababu kwake ni chumba kimoja na dada na watoto wawili wa dada, na mimi nina sofa. Pili, kwamba wakati mwingine ninapompigia "jiandae" huwa amechoka, hataki hata kutoka, anakuja kwa sababu nimeshapanga. Hilo liliniuma kuliko bili. Nimekuwa nikijihesabu mfadhili, kumbe Jumamosi nyingine mfadhili alikuwa yeye.

Kuku nilimuuliza. Akasema, "Nilifikiri uliona niko nao." Sikuelewa, na sikumwuliza zaidi. Hakuomba msamaha kwa hilo.

Mtoto_wa_Koboko
Kwa hiyo hakuomba msamaha, na wewe uliomba. Hesabu yenu inaishia wapi hapo?

KliaMizigo
Sijui kaka. Aliposema hayo nilikuwa na hasira pia, sidanganyi. Nilijisikia kama nimeshtaki nikageuziwa kesi.

Hesabu_Mbarara
Na Jinja?

KliaMizigo
Nilimwambia nusu ya chumba. Akasema hawezi nusu mwezi huu, anaweza 40,000, na kwamba ningemwuliza kabla ya kuweka pesa angesema twende kutwa moja turudi. Chumba nimejaribu kughairi, wamekataa kurudisha 100,000. Kwa hiyo nimeiandika kuwa ni yangu. Nilimwuliza basi Jinja ifanyike au isifanyike. Akasema atanipa jibu Alhamisi.

MamaSalha_Bombo
Hiyo 40,000, akiituma, ipokee. Hata ukiona ni ndogo. Usimwongezee neno la sabuni.

RoliMalaba
Na yeye atume na ya kutolea 😂

Fundi_Goma
Dada, ulipomaliza kusukwa, ulimlipa?

KliaMizigo
Swali lako zuri. Nilimwuliza kama naweza kumlipa, kwa mara ya kwanza katika miaka tisa. Akasema 25,000. Nikatoa. Akahesabu mbele yangu, akaweka kwenye mkoba, akaniambia akirudi kwao atanunua sabuni. Mpaka sasa sijui kama ulikuwa utani.

Fundi_Goma
Tuambie Alhamisi.

KliaMizigo (Alhamisi usiku)
Simu imeingia saa mbili usiku. Hakutaja Jinja. Amesema Jumapili saa saba mchana niende kwao, dada yake atapika, nisije na kitu. Nimeuliza nije na soda tu. Amesema, "Umesikia nilivyosema?"